Sauti Inapobaki Nyuma ya Midomo

Msomaji wa taarifa ya habari amekwisha kufunga mdomo, lakini neno lake la mwisho bado linatoka kwenye sabufa. Mpira umeshatikisa nyavu, na kishindo cha mguu wa mfungaji ndiyo kwanza kinasikika. Mwenye nyumba anachukua rimoti, anaingia kwenye menyu, anakuta mahali palipoandikwa Audio Delay, anaongeza namba moja baada ya nyingine, na mambo yanazidi kuharibika. Mwisho wake analaumu king'amuzi, au runinga, au aliyemuuzia spika.

Mara nyingi vifaa vyote hivyo ni vizima. Kilichompotosha ni kile kipimo chenyewe, ambacho kazi yake ni moja tu: kuichelewesha sauti. Kimewekwa kwa ajili ya sauti inayowahi kuliko picha. Kama sauti yako tayari imechelewa, kila namba unayoongeza inaisogeza nyuma zaidi. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, inabidi ujue kati ya sauti na picha ni ipi iliyobaki nyuma, kisha ujue ni kifaa gani kati ya ulivyonavyo kinachoweza kuishikilia ile iliyotangulia.

Nani amebaki nyuma?

Picha na sauti hutoka pamoja kwenye king'amuzi au kwenye faili ya filamu, kisha kila moja inashika njia yake. Picha inapita kwenye sakiti za runinga zinazoisafisha, kurekebisha rangi zake na kuipanua ijae kioo, na kazi hiyo inachukua muda. Sauti ikitoka kwenye spika za runinga yenyewe, runinga inaishikilia kidogo ili itoke sambamba na picha. Ndiyo maana spika za ndani ni nadra kuleta tatizo hili, kwa kuwa anayezisimamia njia zote mbili ni mmoja. Ukiitoa sauti nje kwenda kwenye sabufa au saundibaa, runinga mara nyingi haina habari spika hiyo inatumia muda gani kuitoa.

Ni sawa na wasafiri wawili walioondoka pamoja kwa njia mbili tofauti na wanatakiwa kufika pamoja. Yule wa njia ndefu huwezi kumfupishia njia akiwa tayari yuko njiani. Unachoweza ni kumzuia mwenzake amngoje. Marekebisho yote ya sauti na midomo yanasimama juu ya jambo hilo moja.

Anza kwa kuirudisha sauti kwenye spika za runinga. Maneno na midomo vikikaa pamoja hapo, tatizo liko kwenye njia inayokwenda spika za nje. Kama bado havikubaliani, badilisha chaneli au fungua filamu nyingine. Ikiwa ni chaneli moja tu au faili moja tu inayosumbua, kosa limetoka nayo hukohuko, na usihangaike na spika zako.

Chagua vizuri kitu cha kupimia. Tamthilia za Kituruki au za Kifilipino zilizoingizwa sauti za Kiswahili hazifai, wala filamu zilizosimuliwa na mtafsiri, kwa sababu humo midomo inasema lugha nyingine na haitakubaliana na sauti hata vifaa vyako viwe sahihi kabisa. Tumia mtu anayesema mwenyewe kwa lugha yake mbele ya kamera, kama msomaji wa habari studioni. Mtazame anapotamka p, b na m. Sauti hizo hazitamkiki bila midomo kukutana, kwa hiyo maneno kama "mbunge", "polisi" na "bomba" yanakuonyesha dhahiri ikiwa midomo imekutana kabla au baada ya sauti kusikika. Kipimo kizuri zaidi ni mtu anayepiga makofi au fundi anayegonga msumari, maana hapo tukio lina wakati mmoja tu unaoonekana wazi.

Muda unapotelea wapi

Sababu kubwa ya sauti kuchelewa siku hizi ni Bluetooth. Runinga au kompyuta haiwezi kuirusha sauti hewani jinsi ilivyo. Inaikata vipande, inavibana viwe vidogo, kisha inavituma kimoja kimoja. Spika inavipokea, lakini haivipigi papo hapo. Inajiwekea akiba kwanza, ili kipande kimoja kikichelewa njiani kwa sababu ya ukuta au mtu aliyepita katikati, muziki usikatike. Ikishakuwa na akiba ya kutosha ndipo inavifungua na kuvipiga. Kwa njia ya kubana sauti ya SBC, ambayo karibu kila spika ya Bluetooth inayo, safari nzima kwa kawaida huchukua kati ya milisekunde 150 na 250, na spika nyingine huzidi hapo.

Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mtu anaweza kudhani kwamba 200 si kitu. Lakini runinga za kwetu zinaonyesha picha 25 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa milisekunde 40. Milisekunde 200 ni picha tano nzima. Katika muda huo mtu anafunga mdomo, anaufungua na kuanza silabi nyingine.

Mwaka 1998 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa mwongozo wake BT.1359 kuhusu jambo hili hili kwa watangazaji. Unaeleza kwamba watazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini inapochelewa hawaigundui mpaka ifikie kama 125. Tofauti hiyo inaendana na maisha ya kila siku, kwa kuwa sauti husafiri polepole kuliko nuru, takriban mita 343 kwa sekunde. Ukimtazama mtu anayepasua kuni mita 34 kutoka ulipo, unaliona shoka likitua, na mlio unafika sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Tumezoea sauti ije nyuma kidogo. Mlio unaosikika kabla shoka halijagusa gogo hatuuoni popote ila kwenye runinga iliyopangwa vibaya.

Kwa hiyo hutafuti ulinganifu kamili hadi milisekunde ya mwisho. Unatafuta kuingia ndani ya nafasi ile, na ukibahatisha, ni heri sauti ichelewe kidogo kuliko itangulie kidogo.

Kompyuta, projekta na sabufa

Tuchukue mpangilio unaoonekana kwenye mabanda mengi ya kuonyesha filamu. Kuna kompyuta mpakato, projekta iliyounganishwa kwa waya wa HDMI, na sabufa kubwa mbele ya watazamaji. Waya wa sauti haufiki, kwa hiyo kijana anayeendesha banda ameiunganisha sabufa kwa Bluetooth. Filamu inachezwa kwa programu ya VLC, na tangu dakika ya kwanza maneno yako nyuma ya midomo.

Hali hii inatibika vizuri kuliko ile ya runinga, kwa sababu programu inayo filamu yote mkononi. Haingoji mtu airushie picha inayofuata, bali inasoma yenyewe kutoka kwenye diski, na inaweza kuitanguliza sauti na kuingojesha picha kwa muda wowote unaoutaka. Ndiyo sababu VLC inakubali namba zenye alama ya kutoa, ambayo maana yake ni kwamba sauti iondoke kabla ya picha yake.

Kwenye kompyuta ya Windows au Linux, herufi J inapunguza ucheleweshaji wa sauti na herufi K inauongeza, milisekunde 50 kwa kila mbofyo. Kwenye Mac herufi zake ni F na G. Kila unapobofya, maandishi ya Audio delay na namba yake hutokea juu ya picha. Baada ya kila mbofyo ngoja sekunde kadhaa, maana picha au sauti inaweza kukwama kidogo wakati programu inajipanga upya, na ukihukumu haraka utadanganyika.

Kijana wetu anafungua kipande chenye mtu anayezungumza karibu na kamera, anambofyea J, na anamwomba mtu mwingine atazame. Hilo ni jambo la busara, kwa sababu anayebofya tayari anajua anachokitarajia na masikio yake yanamfuata.

"Mzee, sasa hivi je?"

"Bado iko nyuma, mwanangu."

Anaendelea kubofya. Kwenye -150 na -200 mzee hana la kusema. Kwenye -250 bado hana. Kwenye -300 anatikisa kichwa: "Hapo sauti imetangulia. Rudisha."

Sasa kijana ana ukingo mmoja wa kuaminika. Watu wengi hapo wangetafuta na ukingo wa pili, yaani mahali sauti inapoanza kuonekana imechelewa, kisha wachague katikati. Lakini zikumbuke zile namba za ITU: ukingo wa sauti kutangulia uko karibu na ulinganifu wa kweli, na ule wa kuchelewa uko mbali. Ukichagua katikati, utabaki na sauti iliyochelewa kuliko ilivyohitajika. Tuseme spika hii inachelewa milisekunde 220. Kwenye -300 sauti inatangulia kwa 80, na mzee anaigundua. Kwenye -250 inatangulia kwa 30, hagundui. Kwenye -200 imechelewa kwa 20, hagundui pia. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: nenda mpaka sauti ionekane imetangulia, kisha rudi hatua mbili. Kijana anabofya K mara mbili, anaiacha kwenye -200.

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, afanye kipimo hicho akiwa amekaa katikati ya watazamaji, si kando ya sabufa. Kila mita 3.4 za umbali zinaongeza milisekunde 10. Katika chumba kidogo hilo halina uzito, lakini kwenye uwanja wa wazi, ambako watu wa nyuma wako mita 30 kutoka kwenye spika, aliyepanga akiwa mbele anawaacha wao na karibu milisekunde 90 zaidi.

La pili, namba uliyoiweka kwa J na K ni ya filamu inayochezwa wakati huo. Filamu inayofuata itaanza tena kwenye sifuri. Anayetumia spika ile ile kila siku anaweza kuiweka namba hiyo ibaki. Anafungua Tools, kisha Preferences, chini kwenye Show settings anachagua All, anaingia Audio, na kujaza -200 kwenye nafasi iliyoandikwa Audio desynchronization compensation. Anayependa kuandika amri anaweza kufanya hivi kwa filamu moja moja:

```
vlc --audio-desync=-200 filamu.mp4
```

Lakini siku atakayochomeka waya badala ya Bluetooth, airudishe namba hiyo kwenye sifuri. Asipofanya hivyo, sauti itatangulia midomo kwa milisekunde 200, kasoro inayoudhi kuliko ile aliyoanza nayo.

Runinga na king'amuzi

Kwenye matangazo ya king'amuzi hali ni nyingine. Runinga inapokea picha na sauti wakati ule ule, na haina sauti ya sekunde ijayo ambayo ingeweza kuitanguliza. Ndiyo maana vipimo vingi vya runinga vinaanzia sifuri na kwenda juu tu. Runinga za LG zina AV Sync Adjustment, na za Samsung zina Digital Output Audio Delay kwa ajili ya sauti inayotoka kwa njia ya dijitali. Ukikuta kipimo cha runinga chenye namba za kutoa, mara nyingi kinachofanya ni kupunguza ule muda ambao runinga yenyewe ilikuwa inaishikilia sauti. Muda huo ukiisha, kipimo kimefika mwisho wake. Baadhi ya runinga za Sony zina A/V sync, ambayo kwa spika za Bluetooth huingojesha picha, na hiyo ndiyo aina ya msaada unaohitajika. Ikiwa runinga yako inayo, ijaribu kwanza.

Kama haina, fuata mpangilio huu. Hakikisha kipimo cha kuchelewesha sauti kiko kwenye sifuri, kwenye runinga na kwenye saundibaa pia, kwa kuwa huenda kuna mtu aliwahi kukiongeza na kukiacha hapo. Kisha angalia kama runinga iko kwenye Game Mode. Hali hiyo inaharakisha picha kwa ajili ya wachezaji wa michezo, na picha ikiharakishwa, sauti ya nje inazidi kuonekana imechelewa. Izime. Halafu, kama umeunganisha kwa HDMI ARC au kwa waya wa OPTICAL, nenda kwenye mpangilio wa sauti ya dijitali ubadilishe kutoka Bitstream au Auto kwenda PCM. Kwenye PCM saundibaa haina kazi ya kufumbua sauti iliyofungwa, na kwa baadhi ya vifaa hilo peke yake linatosha.

Ikiwa bado, na unatumia Bluetooth, dawa ya kweli ni waya. Waya wa AUX kutoka tundu la hedifoni za runinga hadi kwenye sabufa unapitisha sauti kwa muda usiohisika. Fundi anaweza kukutengenezea waya mrefu wa kupita pembeni mwa ukuta, na tatizo likaisha bila kugusa menyu.

Sauti ikitangulia

Kuna nyumba ambazo zile namba za Audio Delay zinafaa kabisa. King'amuzi kimepeleka picha kwenye runinga kwa HDMI, na sauti imechukuliwa moja kwa moja kwenye king'amuzi kwa zile nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, hadi kwenye amplifaya. Sauti inafika bila kupita popote, huku picha ikiwa bado ndani ya runinga inashughulikiwa. Matokeo yake, neno linasikika kabla mdomo haujafunguka.

Hapa unaye aliyetangulia, na unaweza kumzuia. Ikiwa king'amuzi au amplifaya ina kipimo cha kuchelewesha sauti, anza sifuri na uongeze kidogo kidogo mpaka lile neno "mbunge" lianze midomo ikiwa imekutana. Amplifaya za kawaida hazina kipimo hicho. Basi toa nyaya kwenye king'amuzi na uichukue sauti kwenye tundu la hedifoni la runinga, ambako kwa kawaida imeshangojeshwa pamoja na picha.

Pale ambapo kipimo hakisaidii

Kipimo cha kuchelewesha kinatibu pengo lisilobadilika. Filamu ikianza vizuri, ikifika nusu saa sauti ikaachana na midomo kidogo, na ikifika saa nzima ikaachana zaidi, hilo ni jambo jingine. Ama faili ilibadilishwa umbo vibaya, ama kompyuta imezidiwa na filamu nzito na haiwahi kuonyesha picha zake. Ijaribu faili hiyo kwenye kifaa kingine. Kama nako inaachana vivyo hivyo, tafuta nakala nyingine. Kama inakwenda vizuri, ipunguzie kompyuta mzigo kwa kufunga programu nyingine au kuchagua nakala nyepesi.

Na anayekwenda kununua spika ajue kwamba kuijaribu dukani kwa video ya YouTube kwenye simu kunaweza kumficha ukweli. Simu nyingi zinajua kwamba spika ya Bluetooth inachelewa, na programu ya video inaingojesha picha yenyewe bila kukuambia. Spika inayochelewa milisekunde 250 itaonekana haina kasoro, mpaka uifikishe nyumbani na kuiunganisha na runinga isiyofanya hivyo. Jaribu kwa programu ya kinanda kwenye simu. Hapo hakuna cha kungojesha, kwa kuwa simu haijui utagusa kitufe gani wala lini. Gusa, usikie. Muda utakaopita kati ya kidole na mlio ndio utakaouona kwenye midomo ya msomaji wa habari. Kisha geuza spika nyuma uangalie kama ina tundu la AUX, OPTICAL au HDMI ARC, maana tundu hilo ndilo litakalokuokoa siku menyu zote zitakaposhindwa.